Maswali Yaliyogeuzwa Njiani

Kazi ya hospitali ya Mikumi niliipata mwaka ule baba alipopunguzwa kazi reli. Alikuwa fundi wa mawasiliano hapo stesheni ya Kilosa, mtu wa nguzo na waya, na vidole vyake vilikuwa na makovu madogo madogo ya koleo. Siku aliyopewa barua alirudi nyumbani kwetu, Magomeni ya hapo hapo Kilosa, saa nne asubuhi, akavua kofia, akaketi kwenye kochi. Mama alimuuliza kulikoni. Akajibu, "Basi."

Miaka ile ilikuwa hivyo. Mashamba ya mkonge yalikwisha kupata wenyewe wapya, reli ikawa na mwekezaji, na watu waliozoea mshahara wa serikali wakajikuta wanauza mchele kwa kopo barazani. Lakini upande mwingine vilikuwa vinafunguka vitu ambavyo baba hakuwahi kuviota. Kampuni za simu zilikuja moja baada ya nyingine. Mtu binafsi aliweza kufungua shule, kufungua hospitali, kuweka dishi la setilaiti juu ya paa lake bila kumpigia mtu magoti. Mimi nilikuwa nimesoma kompyuta Morogoro, miaka miwili, nikarudi na cheti na koleo la kubania waya. Kilosa nzima walikuwa hawajui wanitumie kwa lipi. Waliniita niwawashie redio.

Mwenye hospitali, ambaye ndiye pia mkurugenzi wake, alikuwa daktari aliyestaafu serikalini. Alijenga kando ya barabara kuu pale Mikumi, malori ya kwenda Zambia yakipita na kutikisa madirisha. Vitanda havikuwa vingi, ila vilikuwa na mashuka. Alikuwa na jenereta, alikuwa na mashine ya kupima damu, na sasa alitaka mtandao. Aliniita kwa kuwa mafundi wa Dar walimchosha. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kilemba, akaniuliza, "Binti, unaweza?"

"Naweza, mzee."

"Usije ukaniambia unaweza kisha ukaniletea kaka yako."

"Sina kaka."

Alicheka. Nikaanza kazi Jumatatu iliyofuata.

Ruta, mashine ya kugawa mtandao, niliitengeneza mwenyewe kutokana na kompyuta kuukuu ya mapokezi. Niliipachika kadi mbili za mtandao, moja ikitazama dishi, nyingine ikitazama hospitali, nikaiweka kwenye kabati la ofisi ya utawala na kuikatia matundu nyuma ili ipumue. Kila kompyuta ya hospitali niliipa namba yake ya kudumu, na namba zote nikaziandika kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mapokezi, maabara, stoo ya dawa, wodi ya wazazi, mkurugenzi. Baba alikuja siku moja na basi la Kilosa kuangalia. Alisimama mbele ya kabati muda mrefu, akagusa waya mmoja kwa kidole kama anapima homa. "Umezifunga vizuri," alisema. Tangu apate ile barua, hiyo ndiyo sifa pekee niliyomsikia akimpa mtu yeyote.

Nieleze kidogo jambo lenyewe, maana bila hilo haieleweki nilichofanya. Kompyuta haijui majina. Ukiandika jina la ukurasa, kwanza inatuma swali: jina hili namba yake ni ipi? Inamuuliza yule ambaye imeelekezwa kumuuliza, inajibiwa namba, ndipo inaanza safari. Swali hilo linaitwa DNS, na mashine inayolijibu ni seva ya majina. Kwa setilaiti, swali moja kwenda juu na kurudi ni zaidi ya nusu sekunde, na ukurasa mmoja unaweza kuwa na maswali kumi. Kwa hiyo niliweka seva ya majina humo humo ndani ya ruta. Swali likiulizwa mara ya kwanza, ruta inakwenda kuuliza nje na kulikumbuka jibu kwa muda. Likiulizwa tena na mtu mwingine, jibu linatoka kabatini papo hapo. Mtandao wa hospitali ulichangamka. Mkurugenzi alinisifu mbele ya watu.

Seva ile pia ilikuwa inaandika. Kila swali, ilirekodi saa, namba ya kompyuta iliyouliza, na jina lililoulizwa. Haikujua mtu amesoma nini huko wala ameandika nini. Ilijua jina tu. Niliiwasha kumbukumbu hiyo kutafuta ni nani anayemaliza mtandao kwa kushusha filamu, na nikampata, mtu wa maabara, akaonywa, yakaisha. Lakini mkurugenzi aliiona orodha ile mezani kwangu, akaketi, akaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, akilowesha kidole. Baada ya hapo akataka aletewe kila Ijumaa.

Katika kikao cha wafanyakazi alitangaza, "Naona kila mnachofungua." Alisema akitabasamu. Watu wakanigeukia mimi.

Sista wa wodi ya wazazi alinifuata siku ile ile. Sote tulimwita sista, kama wauguzi wakuu wanavyoitwa, ingawa mimi nikiwa naye peke yangu nilimwita dada. Alikuwa amenizidi miaka kama ishirini. Mwembamba, mrefu, hajui kupaza sauti. Kwao ni Tindiga, familia ya wakulima wa mpunga, na alikuwa amewazalisha wanawake wengi kiasi kwamba akipita sokoni Mikumi watoto walisukumwa na mama zao wakamsalimie. Mimi alikuwa ananiwekea chakula. Nilipokuja kwenye zamu za asubuhi bila kunywa chai, alinikuta mbele ya kabati na kunipa kiporo cha wali kwenye kifuniko cha hotipoti.

"Hivi kweli anaona?" aliniuliza.

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Alikuwa na laptopu yake mwenyewe, aliyopewa kwenye mafunzo ya wakunga, nayo nilikuwa nimeipa namba ya kudumu kama zile nyingine; aliitumia wakati wa chakula cha mchana kwenye kijiofisi cha wodi.

"Kwa hiyo anaona kwa sababu kompyuta yangu inaiuliza hiyo ruta yako."

"Ndiyo, dada."

"Na nisipotaka kuiuliza?"

Nilifurahi kuulizwa. Ni watu wachache waliowahi kuniuliza swali lililofuata baada ya maelezo yangu. Nikaivuta laptopu, nikafungua mipangilio, nikafuta neno lililosema ichukue seva ya majina kutoka kwa ruta, nikaandika namba za seva mbili za nje ambazo mtu yeyote duniani aliruhusiwa kuziuliza. "Sasa inauliza huko mbali," nikamwambia. "Itachelewa kidogo. Lakini kabatini haitaandikwa." Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani ana mgonjwa wa siri, au anatafuta kazi kwingine. Nusu ya watu wa hospitali ile walikuwa wanatafuta kazi kwingine.

Aliniandikisha zile namba kwenye kipande cha kadi ya kliniki, akakiweka mfukoni mwa gauni.

Mwezi haukuisha mkurugenzi akaniita. Alikuwa na orodha ya Ijumaa na ile nakala ya daftari langu aliyoniomba mapema, ila kwenye nakala niliandika namba tu bila majina ya vyumba. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Labda kuna kitu tayari kilinikera.

"Kuna kompyuta moja," alisema, "inatumia mtandao wangu. Taa zake nimeziona, wewe mwenyewe ulinionyesha jedwali la matumizi. Lakini humu haina neno hata moja. Inawezekanaje?"

"Imeelekezwa kuuliza seva ya nje, mzee."

"Nani aliielekeza?"

"Mtu yeyote anaweza kubadilisha kwenye mashine yake."

Alinitazama. Sikukwepesha macho.

"Unaweza kuifunga hiyo njia?"

Hapa ndipo ninaporudi mara nyingi. Maswali ya majina yote hupita mlango mmoja, mlango namba hamsini na tatu. Njia rahisi ilikuwa kuufunga mlango ule kwa kila mtu isipokuwa ruta. Ningeufunga, laptopu ya sista ingegoma kufungua chochote, angenijia kuniuliza, ningemwambia, na yeye angejua. Ningeweza kusema, "Ndiyo, mzee, naifunga," nikanyamaza. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na nne, mtu mzima ameniuliza jambo la fani yangu, na mimi nilijua jambo zuri zaidi.

"Nikiifunga, mtu atagundua, atatafuta njia nyingine," nilisema. "Lakini kuna namna ya kuyageuza. Swali likitoka ndani kwenda seva yoyote ile ya nje, ruta inalikamata njiani na kulijibu yenyewe. Mwenye kompyuta haoni tofauti. Anadhani bado anauliza huko alikochagua."

Hakunisukuma kusema hivyo. Hakujua hata kama kitu kama hicho kipo.

Akaegemea kiti. "Fanya hiyo," alisema.

Ilikuwa mistari miwili tu, kwa sababu maswali husafiri kwa namna mbili na zote mbili lazima uzikamate, la sivyo jibu refu litaponyoka. Kila swali linaloingia ruta kutoka upande wa hospitali, lielekee popote, kama linakwenda mlango wa hamsini na tatu, ligeuzwe liingie kwa ruta yenyewe. Maswali ya ruta kwenda nje hayapiti mahali pale, kwa hiyo haijizungushi. Na jibu likirudi kwa aliyeuliza, ruta inalivisha anwani ya seva ile aliyokuwa ameichagua, ili kompyuta ilipokee bila kushtuka. Sikuhitaji kugusa laptopu ya mtu.

Nilijaribu kwenye kompyuta ya mapokezi. Niliituma ikaulize anwani moja ya nje iliyotengwa kwa ajili ya mifano ya vitabuni, anwani isiyo na mashine yoyote duniani. Siku nyingine swali lile lingepotelea hewani. Siku ile lilijibiwa papo hapo, namba sahihi kabisa, na kwenye kioo imeandikwa kwamba aliyejibu ni ile anwani isiyo na mtu. Nilicheka peke yangu. Nilimtamani baba awepo aone.

Siku ya tatu sista alinikuta kwenye korido nimebeba ngazi.

"Mdogo wangu, hebu nitazamie. Leo inafungua upesi kweli. Zile namba zangu bado zipo?"

Alikuwa ameona. Mtu asiye fundi aligundua kitu ambacho mimi nilidhani hakionekani: majibu yalikuwa yanatoka kabatini sasa, hayapandi setilaiti, ndiyo maana laptopu imechangamka. Niliweka ngazi ukutani, nikaingia naye kwenye kijiofisi, nikafungua mipangilio. Namba zake zilikuwepo vile vile nilivyoziandika.

"Bado zipo, dada," nilisema.

Nilichosema kilikuwa kweli. Aliniambia asante, akanimenyea chungwa.

Ijumaa ya pili baada ya hapo mkurugenzi alikuwa na orodha mbele yake, amepiga mistari kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeingia dirishani, na kwenye ukumbi wa nje mtoto alikuwa analia kwa kuchomwa sindano. Namba moja ilikuwa imepigiwa mistari kurasa nne. Saa saba mchana, saa saba na robo, saa saba na nusu. Jina la ofisi inayosimamia ubora wa dawa. Jina la baraza la wauguzi. Jina la gazeti. Barua pepe. Kesho yake tena.

"Namba hii ni ya nani?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Ningeweza kusema zinabadilika, na asingekuwa na njia ya kujua. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu, miguuni.

"Ya wodi ya wazazi," nilisema.

"Wodi ina watu watano."

Akangoja. Alikuwa hodari wa kungoja, ni kazi ya madaktari, kungoja mgonjwa ataje mwenyewe.

"Ni laptopu ya sista."

Hakukasirika. Alikunja karatasi mara mbili, akaniuliza baba anaendeleaje.

Jumatatu sista alipewa barua. Iliandikwa utovu wa nidhamu na kutoa siri za kazi. Nyumba aliyokuwa anaishi ilikuwa ya hospitali, akaambiwa aiache kufikia Jumatano. Nilimwona kupitia dirisha la utawala akipakia vitu kwenye pikapu: godoro, masufuria, cherehani, debe la mchele. Wanawake wawili waliokuja kliniki na matumbo yao makubwa walimsaidia kubeba. Aliniona. Alinipungia mkono. Hakuwa na sababu ya kutonipungia.

Bado sikuwa najua alichokuwa akikitafuta huko mtandaoni. Nilijiambia huenda kweli alikuwa anavunja taratibu. Watu hujiambia mambo mengi wanapoendelea kupokea mshahara.

Wiki ya tano baada ya kuondoka kwake niliitwa wodi ya wazazi, waya umekatwa na panya kwenye kijiofisi. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza nikasikia watu wanakimbia. Mlango wa chumba cha kujifungulia uliachwa wazi. Mwanamke mmoja, muuza nyanya ninayemfahamu kwa sura, alikuwa ameshajifungua, mtoto analia vizuri tu, ila damu haikatiki. Nesi msaidizi, binti wa rika langu, alipita mbio akarudi na kichupa kingine, na kingine. Ile sindano ya kukaza kizazi ili damu isimame. Alichoma mara ya pili, ya tatu. Daktari wa zamu aliita gari limpeleke Morogoro. Gari liliwashwa, likazimwa tena; alikuwa ameshakata roho.

Mume wake alikuwa amekaa kwenye benchi nje na begi la kanga mpya. Alipoambiwa aliendelea kulishika, akalipapasa, kama anahakikisha vilivyomo bado vimo.

Nesi msaidizi alikuja kunawa kwenye sinki la kijiofisi. Alinawa muda mrefu. Nilikuwa bado nimekaa sakafuni na koleo mkononi.

"Sindano zenyewe ni kama maji," alisema, hanitazami. "Friji ilizima siku nne umeme ulipokatika, jenereta wakaliwasha kwa maabara tu. Zikapikika mle ndani. Sista alizikataa. Alimwambia mzee zimwagwe, mzee akasema stoo nzima haimwagwi kwa maneno ya mkunga. Ndiyo akawa anatafuta pa kusema." Akafunga bomba. "Wewe hukujua?"

Niliinama, nikaokota vipande vya waya uliotafunwa.

Sijui kama sindano nzima ingemwokoa mwanamke yule. Niliwahi kumuuliza daktari mmoja miaka mingi baadaye, bila kumwambia kwa nini, akanijibu kwamba wengine hufa hata dawa ikiwa nzima. Nalitunza jibu hilo, lakini silitumii.

Mchana ule nilikwenda kwenye kabati la ruta. Nilifuta ile mistari miwili na kuzima kumbukumbu ya maswali, nikafuta orodha zote za nyuma. Nikaandika barua ya kuacha kazi, sentensi mbili, nikaiweka mezani kwa mkurugenzi pamoja na funguo. Sikumwambia lolote usoni. Nilipanda basi la kurudi Kilosa, na nilipofika nyumbani baba aliniuliza kama nimefukuzwa. Nikasema nimeacha mwenyewe. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoielewa.

Ilinichukua siku tisa kwenda Tindiga. Ilikuwa masika, maji yamejaa mashambani, njia imekatika sehemu mbili, nikavua viatu. Nilimkuta sista nyuma ya nyumba ya mama yake akichambua mbegu za mpunga kwenye ungo, amejifunga kitenge kifuani kama mwanamke yeyote wa pale.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu? Kaa."

Alitaka kunipikia. Nilimwomba anisikilize kwanza. Nikamweleza kila kitu, kuanzia siku niliyoitwa na mkurugenzi. Nilimweleza jinsi maswali yake yalivyogeuzwa, na kwamba siku aliyoniuliza kama namba zake bado zipo, zilikuwepo lakini hazikuwa na kazi tena. Hakunikatiza. Mikono yake iliendelea kuchambua, punje mbovu zikienda kushoto.

"Kwa hiyo nilikuwa naongea na kabati," alisema nilipomaliza.

"Ndiyo."

"Na yeye alikulazimisha?"

"Hapana. Aliniomba nifunge njia. Kugeuza nilisema mimi."

Mikono ikasimama.

"Namba yangu alikuwa nayo. Jina alilipataje?"

"Aliuliza. Nikamwambia."

Akauweka ungo chini. Mama yake alitoka ndani, akaniangalia, akamwambia kitu kwa lugha yao, naye akajibu neno moja, mama akarudi ndani.

"Niliwaandikia wale wa dawa mara moja," alisema sista. "Wakanijibu kesho yake. Walikuwa watu wazuri. Walisema niwatumie namba zilizoandikwa kwenye vichupa, za toleo, na picha ya friji nikiweza, ndipo waweze kuja. Nilipanga kuingia stoo Jumanne, siku ya zamu yangu ya kuchukua dawa. Jumatatu nikapewa barua."

Nikamweleza habari za muuza nyanya. Nilidhani anazijua tayari. Hakuwa anazijua. Alifunika uso kwa upande wa kitenge, akakaa hivyo, na mimi nikakaa nikitazama kuku wanavyoziendea punje zilizomwagika.

Alipofunua uso aliniuliza, "Mtoto?"

"Mzima. Wa kike. Yuko kwa bibi yake."

"Mimba yake niliipima mimi tangu mwezi wa tatu," alisema. "Alikuwa anaogopa sindano. Nikamwambia ya kwetu moja tu, baada ya mtoto."

Nililia. Yeye hakulia. Nikamwomba msamaha, nikamwambia niko tayari kwenda naye wilayani kusema niliyoyafanya. Akasema wilayani atakwenda mwenyewe, na mimi niende kivyangu, kila mtu aseme lake, asije akaonekana amenipanga. Kuhusu msamaha hakusema kitu. Aliinuka, akaingia jikoni, akanipakulia ugali na mlenda, akakaa mbali kidogo wakati nakula. Kisha akasema jua linashuka na maji yanapanda, niondoke sasa.

Tulikwenda wilayani, kila mtu siku yake. Nilipokelewa vizuri, nikaandika maelezo kurasa tatu, nikasaini. Wakaguzi walikuja Mikumi. Walikuta friji mpya, inanguruma, na ndani yake vichupa vyenye ubaridi na tarehe nzuri. Vile vya zamani havikuwepo, wala hakuna aliyejua vilikwenda wapi. Mkurugenzi alikuwa na miezi miwili ya kujiandaa tangu aione ile orodha. Miezi hiyo nilimpa mimi. Alipewa onyo kuhusu kumbukumbu za joto za friji, na hospitali ikaendelea.

Nilisikia baadaye kwamba alimleta fundi mwingine kutoka Dar, akaikuta ruta yangu, akairudishia ile mistari miwili siku hiyo hiyo. Haikuwa siri ya mtu. Wenye shule na wenye ofisi walikuwa wanaitaka, na wakati mwingine kwa sababu nzuri, kuwazuilia watoto picha za uchafu, au kuokoa mtandao mdogo. Mimi mwenyewe nimeiweka mara kadhaa tangu siku zile. Ninapoiweka nawaambia watu wa pale kwa mdomo wangu kwamba mashine zao hazichagui tena pa kuuliza, na kama nimeambiwa nisiwaambie, kazi siichukui. Nimepoteza kazi mbili hivyo. Sijioni shujaa kwa hilo. Ni jambo dogo, na lilihitajika wakati ule mmoja tu, sista aliponiuliza.

Sista hakurudi kwenye uuguzi wa kuajiriwa. Barua ile ya utovu wa nidhamu ilimfuata kila alipoomba. Alizalisha wanawake wa Tindiga majumbani, maji yalipoziba njia za kwenda zahanati, mpaka macho yake yalipochoka. Tulikutana mara moja sokoni Kilosa, kwa muuza dagaa. Nilimsalimia. Aliitikia, akauliza hali ya baba, nikamwambia miguu inamsumbua. Akasema nimpake mafuta ya moto jioni. Halafu akageukia dagaa wake, akawa anawachagua mmoja mmoja, na mimi nikasimama pale kidogo nikidhani labda ataongeza neno, kisha nikaenda zangu.